Kabla Hujaiamini Almasi: Namna ya Kusoma Foresti Ploti

Ukifungua meta-analisisi, yaani uchambuzi unaojumlisha matokeo ya majaribio mengi, ukakuta ule mchoro wa visanduku vilivyopangana kama ngazi, na almasi chini kabisa, jicho litakimbilia almasi. Lizuie. Almasi ni jumla ya vyote vilivyo juu yake, na inasomwa mwisho.

Anzia chini, kwenye maandishi yanayosema upande upi unaipendelea dawa. Kama kinachohesabiwa ni vifo, kushoto kwa kawaida ndiyo nafuu. Kama ni waliopona, mambo yanageuka. Usikisie, soma.

Kisha tafuta mstari wa wima. Kwa uwiano upo kwenye 1, kwa tofauti (tuseme ya presha) upo kwenye 0. Hapo dawa na kisichokuwa dawa ni sawasawa.

Kila safu ni jaribio moja. Kisanduku ni matokeo yake, na mkia unaotoka pande zote mbili ni wigo wa uhakika wa asilimia 95. Mkia ukigusa mstari, jaribio hilo peke yake halijaamua kitu. Usiseme dawa imeshindwa.

Sasa lililoniumbua mimi: ukubwa wa visanduku, pamoja na safu ya namba iliyoandikwa `Weight`. Vyote viwili vinaonyesha uzito wa kila jaribio kwenye jumla.

Nilikuwa bado mgeni kwenye wodi nilipopangiwa kuwasilisha mada kwenye kikao cha asubuhi. Nikachagua magnesiamu ya kwenye mshipa kwa wagonjwa wa shambulio la moyo. Nikaweka mchoro ukutani, almasi ikiwa imekaa vizuri kushoto: uwiano 0.66, mkia kutoka 0.53 hadi 0.82. Nikatangaza kwamba magnesiamu inapunguza vifo kwa takriban theluthi moja. Daktari bingwa aliyekaa nyuma akauliza, "Mdogo wangu, ISIS-4 iko wapi hapo?" Nikamwonyesha jaribio hilo. "Ina wagonjwa wangapi?" Elfu 58 na ushee. "Na kisanduku chake kimekaa wapi?" Nikatazama. Kilikuwa juu ya mstari wa 1, kimeelemea kidogo kulia. Nikakosa la kusema.

ISIS-4, iliyochapishwa 1995, ilihesabu vifo 2,216 upande wa magnesiamu na 2,103 upande wa pili, makundi yakiwa karibu sawa kwa idadi. Hakuna nafuu hapo. Nafuu yote ya kushoto ilitoka kwa majaribio madogo, mengi yakiwa na wagonjwa makumi au mamia machache tu. Sasa vidogo vilimshindaje mkubwa?

Jibu lilikuwa juu ya safu ya matokeo, ambako sikuwa nimepatazama: `M-H, Random, 95% CI`. Modeli hiyo ya `Random` inachukulia kwamba majaribio yanatofautiana kweli, kwa hiyo inaongeza kiasi kilekile cha kutokuwa na uhakika kwa kila jaribio kabla ya kugawa uzito. Chukua mfano wa namba nilizobuni. Jaribio dogo lina variansi, yaani kiasi cha kutokuwa na uhakika, ya 0.5, kubwa lina 0.001; uzito ni 1 gawanya kwa variansi, kwa hiyo uzito wa kubwa ni mara 500 ya dogo. Ongeza 0.1 kwa yote mawili: sasa ni 0.6 na 0.101, na kubwa limebaki na uzito wa kama mara sita tu. Yakiwa madogo kumi na tano, yanalizidi nguvu.

Majaribio yaleyale, kwenye uchambuzi wa Cochrane wa 2007, yakipigwa kwa modeli ya `Fixed`, inayochukulia kwamba yote yanapima athari moja, almasi inahamia 0.99, mkia 0.94 hadi 1.04. Yaani data moja na majibu mawili. Wapo waliosema ISIS-4 ilichelewa kutoa magnesiamu. Likaja jaribio la MAGIC mwaka 2002, wagonjwa zaidi ya 6,000, dawa ikatolewa mapema: vifo asilimia 15.3 dhidi ya 15.2.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo kikaoni, funika almasi kwa kidole. Tafuta kisanduku chenye mkia mfupi kuliko vyote uone kimesimama wapi. Visanduku vidogo vyote vikiwa kushoto na kikubwa kikiwa katikati, shuku kwamba vidogo vilivyoangukia kulia vilibaki kwenye droo za watafiti. Piga hesabu kwa modeli zote mbili. Almasi ikihama, sema imehama.

Angalia na I², kipimo cha jinsi matokeo ya majaribio yanavyotofautiana, lakini usiitegemee peke yake, hasa majaribio yakiwa matatu au manne. Angalia majaribio ni ya miaka gani, wagonjwa walikuwa wakipewa nini kingine, na kama "nafuu" inayohesabiwa ni kifo au kipimo cha maabara. Tazama pia kama mikia imekatwa kwa mshale ukingoni mwa mchoro; wigo halisi wa mkia uliokatwa unausoma kwenye namba za pembeni.