Kibali cha utafiti wa chuoni: mistari minne ya sampuli iliyonirudisha Pemba mikono mitupu

Barua ya idara, kitambulisho na dodoso havitakupa tabu. Mimi nilikwama kwenye mistari minne ya "ukubwa wa sampuli", na nauli ya boti ya Unguja nikailipa mara mbili.

Chuo chetu kina wanafunzi 240: nusu wanalala dakhalia, nusu wanatoka majumbani. Nilitaka kujua ni kundi lipi linaingia zaidi darasani bila kunywa chai. Nikachukua fomula ya Yamane kama kila mtu, n = N / (1 + N × e²), kosa 0.05. 240 gawanya kwa 1.6, unapata 150. Nikaweka 75 kila upande.

Afisa wa vibali alimaliza kwanza simu yake, ambayo haikuwa fupi, kisha akauliza: "Mwanangu, hii 150 ni ya kukadiria asilimia ya chuo kizima. Wewe unalinganisha makundi mawili. Nguvu iko wapi?"

Nguvu ni uwezekano wa kuiona tofauti ikiwa kweli ipo. Wengi hutaka asilimia 80. Kabla ya kuihesabu, amua tofauti ndogo kabisa yenye maana kwako. Usiitoe kwenye majibu uliyokwisha kukusanya, huko ni kujipigia debe. Mimi nilichagua asilimia 50 dhidi ya 65, nikaandika kwenye programu ya takwimu ya R:

```
power.prop.test(p1=0.50, p2=0.65, power=0.80)
```

Jibu ni 170 kwa kila kundi. Jumla 340, na chuo kizima tuko 240! Nilipoweka `n=75` badala ya `power`, nguvu ikatoka asilimia 46, yaani hata shilingi ya kurusha inanishinda.

Basi nikaandika ukweli: sampuli hii inafaa kukadiria hali ya chuo, na kwa ulinganisho itaona tofauti kubwa tu. Safari ya pili faili likapita, ingawa mwenye muhuri alikuwa ametoka kidogo tangu saa nne.

Kwenye ripoti ndipo wengi wanapoharibu. Madodoso 150 yalitoka, yakarudi 116, yaani 58 kila upande. Kwa idadi hiyo, nguvu ya asilimia 80 inapatikana tofauti ikifika pointi 25 za asilimia, yaani 50 dhidi ya 75. Waliokosa chai walikuwa 29 wa dakhalia na 35 wa majumbani, tofauti ya pointi 10. Usiandike "hakuna tofauti". Niliandika hivi: "Tofauti ni pointi 10, na masafa ya uhakika wa asilimia 95 ni kuanzia -8 hadi 28, data hizi haziwezi kuthibitisha wala kukanusha tofauti ya kadiri."

Wale 34 wasiorudisha nao wataje. Huenda ndio walioshinda na njaa, na hapo hakuna fomula itakayokuokoa.