Jinsi ya kusoma lebo ya juisi mbichi kabla ya kuilipa

Ninakamua na kuuza juisi mbichi hapa Lubumbashi. Tuchukue chupa moja: karoti na tangawizi, imekamuliwa Ijumaa saa mbili asubuhi, lebo inasema siku tatu, na mama mmoja anaitaka Jumamosi jioni.

Hatua ya 1: Tafuta onyo kwamba juisi haikupasteriziwa, yaani haikupashwa joto la kuua bakteria. Kukamuliwa bila joto hakuui bakteria. Waliokuja na udongo wa karoti bado wanaweza kuwamo. Ndiyo maana onyo hutaja watoto, wazee, wajawazito na wenye kinga dhaifu. Mwaka 1996 huko Marekani, juisi ya tufaha isiyopasteriziwa yenye bakteria wa E. koli iliwafanya watu zaidi ya 60 waugue na mtoto mmoja akafariki. Uchachu wa tufaha haukuwakinga, na karoti haina hata uchachu huo. Akiwa mjamzito, namwambia aichemshe kwa dakika moja kamili au asinunue.

Hatua ya 2: Hesabu siku kuanzia kukamuliwa, si kuanzia kununua. Siku tatu za chupa yetu zinaisha Jumatatu saa mbili asubuhi, kwa hiyo mama huyu amebakiwa na siku moja na nusu tu. Lebo ikiwa na tarehe ya mwisho peke yake, muulize muuzaji ilikamuliwa lini. Ukikuta wiki mbili kwenye juisi inayodaiwa kuwa mbichi kabisa, iache.

Hatua ya 3: Soma joto lililoandikwa kando ya tarehe, kwa kawaida digrii 0 hadi 4. Hapa ndipo watu wengi hupita haraka, na hapa mjini ndipo pa kusimama. Tarehe ni ya kweli tu kama baridi hiyo haikukatika. Frigo iliyofungwa hushika baridi kama saa 4 hivi baada ya umeme kukatika. Umeme ukiondoka saa nne usiku na kurudi saa kumi na moja alfajiri, zimepita saa 7: juisi hiyo imwage, hata kama tarehe haijafika. Kuirudisha kwenye baridi hakuwaondoi bakteria waliokwisha kuzaana. Basi muulize muuzaji, bila haya, umeme ulikuwaje jana usiku. Na ukinunua, beba na barafu.

Hatua ya 4: Angalia chupa. Kifuniko kikivimba, au ukifungua ikatoa mlio wa gesi, imeanza kuchacha. Maji kujitenga na mashapo si kasoro, itikise tu. Lakini usijiamini kwa pua: bakteria kama E. koli na salmonela wanaweza kuwamo bila kubadili harufu wala ladha.

Ukishafungua, mimina kwenye glasi badala ya kunywea chupani, rudisha kwenye frigo mara moja, na uimalize siku hiyohiyo.