Hujawahi kujisajili na HMRC? Namna ya kuandika barua ya kujitangaza mwenyewe

Wakalimani wa Kiswahili Uingereza wengi wao wana kazi mbili. Mchana mtu yuko kwenye nyumba ya wazee au bohari, kodi inakatwa kwenye mshahara kabla hajauona. Jioni au siku ya mapumziko anapigiwa simu na wakala: kuna mama wa Kikongo hospitalini, au kesi mahakamani, aende akakalimani kwa saa mbili. Malipo yanaingia benki yakiwa kamili, bila makato, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Wakala hakuajiri. Kwa macho ya HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, umejiajiri, na ulitakiwa kuwaarifu mwenyewe.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mwaka wa kodi unaanza tarehe 6 Aprili na kuisha tarehe 5 Aprili mwaka unaofuata. Mapato yako ya kujiajiri, kabla ya kutoa gharama, yakizidi pauni 1,000 katika mwaka huo, unatakiwa kujisajili kabla ya tarehe 5 Oktoba inayofuata. Mwaka ambao hukufikisha 1,000, mara nyingi hudaiwi chochote kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kabla hujakosa usingizi, pitia kwanza mwaka mmoja mmoja.

Tuchukue mfano wa dada mmoja wa Leicester, wa kutunga lakini wa kawaida sana. Mshahara wake wa nyumba ya wazee ni pauni 22,000 kwa mwaka. Alianza ukalimani katikati ya 2020 na hakuwahi kujisajili. Sasa ni Machi 2025 na ameamua kuyamaliza.

Kwanza, wahi kabla hawajakuandikia

Adhabu inategemea sana nani alianza kusema. Ukijitokeza wakati huna sababu ya kuamini kwamba HMRC wamekugundua au wako karibu kukugundua, umejitangaza kwa hiari yako. Ukisubiri hadi barua yao iingie mlangoni, umesukumwa, na kiwango cha chini cha adhabu kinapanda. Siku hizi hata majukwaa ya mtandaoni yanayowapatia watu kazi hutuma taarifa za malipo kwa HMRC. Taarifa za kwanza, za mwaka 2024, zilitakiwa kufika kabla ya mwisho wa Januari 2025.

Kuarifu ni hatua ya kwanza, na haihitaji hesabu. Unaingia GOV.UK, unatafuta huduma iitwayo Digital Disclosure Service, unajaza jina, anwani, namba yako ya National Insurance na kusema kwamba unakusudia kujitangaza. Mahesabu hayaulizwi hapo. Watakupa namba ya kumbukumbu ya tangazo lako na namba ya malipo, kisha una siku 90 za kuandaa hesabu, kutuma tangazo lenyewe na kulipa. Watu wengi hukosea hapa: wanataka hesabu zikamilike ndiyo waarifu, miezi sita inapita, barua ya HMRC inatangulia. Arifu kwanza, siku 90 zinatosha kukusanya karatasi.

Hesabu, mwaka kwa mwaka

Pakua taarifa za benki za miaka yote na uweke alama kila malipo ya wakala. Kisha waombe mawakala orodha ya kazi ulizofanya. Orodha hiyo ina tarehe na mahali, na ndiyo itakayokusaidia kukadiria gharama za safari ambazo hukuzitunzia risiti. Kwa gari lako mwenyewe unaruhusiwa senti 45 kwa maili kwa maili 10,000 za kwanza. Kwa mwaka 2021/22 dada yetu alipata maili 1,800, yaani pauni 810, akaongeza maegesho 140 na sehemu ya simu 200. Jumla 1,150.

Hapa kuna mtego. Mtu aliyezidisha 1,000 anaweza kuchagua kutoa pauni 1,000 moja kwa moja badala ya gharama halisi, lakini uchaguzi huo una muda wake: mwaka mmoja baada ya tarehe ya mwisho ya kutuma ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato, ya mwaka husika. Kwa miaka ya nyuma sana umechelewa, unabaki na gharama halisi. Ndiyo maana orodha ya wakala ina thamani.

Kwa sababu mshahara wake umekwisha kumaliza kiasi kisichotozwa kodi, na jumla ya kipato haijafika kiwango cha asilimia 40, faida yote ya ukalimani inatozwa asilimia 20:

| Mwaka | Mapato | Gharama | Faida | Kodi |
|---|---|---|---|---|
| 2020/21 | 3,200 | 700 | 2,500 | 500 |
| 2021/22 | 5,400 | 1,150 | 4,250 | 850 |
| 2022/23 | 6,100 | 1,300 | 4,800 | 960 |
| 2023/24 | 4,700 | 900 | 3,800 | 760 |

Jumla ya kodi ni pauni 3,070. Faida yake haikufika kiwango cha kulazimika kulipa michango ya National Insurance ya waliojiajiri. Riba inahesabiwa kuanzia tarehe 31 Januari baada ya kila mwaka wa kodi, na viwango vimebadilika mara nyingi, kwa hiyo tumia kikokotoo cha HMRC badala ya kukisia.

Sasa adhabu. Kwa mtu aliyeshindwa kujisajili bila kukusudia, akajitokeza mwenyewe, adhabu ni kati ya asilimia 0 na 30 ya kodi ikiwa haijapita miezi 12 tangu kodi ilipotakiwa kulipwa, na kati ya 10 na 30 ikiwa imepita. Ukieleza kila kitu, ukasaidia hesabu na ukawafungulia kumbukumbu, unakaribia kiwango cha chini. Lakini ukikaa zaidi ya miaka mitatu, mara nyingi hawakupi punguzo lote, wanabakiza asilimia kumi zaidi. Dada yetu anapendekeza 20 kwa mwaka wa kwanza (pauni 100), 10 kwa miwili inayofuata (85 na 96), na sifuri kwa wa mwisho. Jumla 281. Ni pendekezo lake. HMRC wanaweza kulikataa.

Barua yenyewe

Tangazo linajazwa mtandaoni, lakini mimi humwambia mtu aandike barua kwanza, kwa sababu maneno ya barua ndiyo yatakayojaza sehemu ya maelezo, na kuandika kunakulazimisha kuamua unasema nini. Utaituma kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili inasema hivi:

> Yah: Kujitangaza kwa hiari, namba ya kumbukumbu [namba yenu]
>
> Ninaandika kutangaza mapato ambayo sikuyatolea taarifa. Nimeajiriwa katika nyumba ya wazee na kodi ya mshahara wangu hukatwa na mwajiri. Tangu Juni 2020 nimekuwa pia mkalimani wa Kiswahili wa kujitegemea, nikipata kazi kupitia mawakala wawili. Sikujisajili kama niliyejiajiri na sikutuma ritani.
>
> Sikujisajili kwa sababu nilidhani kodi ya kazi zangu zote inashughulikiwa kupitia mshahara. Mkataba wa wakala wa pili, wa Septemba 2022, ulisema ninawajibika kwa kodi yangu mwenyewe. Niliutia saini bila kuusoma kwa makini. Nimetambua kosa langu Februari 2025 na hakuna barua yoyote ya HMRC niliyopokea kuhusu jambo hili.
>
> Mapato yametokana na taarifa za benki na orodha za mawakala. Gharama za safari zimekadiriwa kwa umbali wa kila kazi kutoka nyumbani. Taarifa hizo zote ninazo na nitazitoa zikihitajika.
>
> Jedwali la kodi, riba na adhabu ninayopendekeza limeambatanishwa. Nimelipa jumla hiyo kwa namba ya malipo mliyonipa. Sina mapato mengine ambayo sijayataja.

Tazama aya ya pili. Huo mkataba ni kitu ambacho wengi wangetamani kukificha, na ndicho HMRC wangekiomba kwanza kwa wakala. Akiuficha kisha ukaonekana, barua nzima inapoteza imani. Akiutaja, inabaki kazi ya kueleza: hakuusoma. Lakini kama aliusoma, akaelewa na akaamua kunyamaza, basi hilo ni kosa la makusudi na hawezi kuandika "nilidhani". Adhabu ya makusudi huanzia asilimia 20 hadi 70 hata kwa aliyejitokeza mwenyewe, na kama kulikuwa na kuficha kwa mbinu inafika 100. Aliye katika hali hiyo asijaze fomu hii peke yake. Kuna utaratibu mwingine wa kukiri udanganyifu unaomlinda dhidi ya mashtaka ya jinai, na anahitaji mshauri wa kodi kabla ya kuandika neno lolote.

"Sikujua sheria" peke yake haitoshi kuwa udhuru. Usiongeze hadithi za msiba au ugonjwa usizoweza kuzithibitisha. Na sentensi ya mwisho ya barua isainiwe pale tu ambapo ni kweli: kama una chumba umempangisha mtu au unauza vitu mtandaoni, vihesabu kabla hujaiandika. Tangazo pungufu ni hatari kuliko kutotangaza, kwa sababu sasa umeandika uongo kwa mkono wako.

Ukishatuma

Malipo yanatakiwa pamoja na tangazo. Kama huna pesa yote, wapigie kabla ya siku 90 kuisha, uwaambie kipato chako, kodi ya nyumba na unachoweza kutoa kila mwezi. Wanakubali awamu kwa anayeuliza mapema.

Wakiridhika watakuandikia barua ya kukubali. Itunze pamoja na jedwali lako. Wasiporidhika watauliza maswali, mara nyingi kuhusu gharama zilizokadiriwa au mwaka wa kuanza. Kama uliwahi kuwa na ukalimani kabla ya mwaka uliotaja, hapo ndipo patafunguka, na kwa mtu ambaye hakujisajili bila udhuru sheria inawaruhusu kurudi nyuma hadi miaka 20.

Kama unapokea Universal Credit, mapato haya yanaihusu pia, na taarifa hiyo inakwenda kwa ofisi nyingine. Tangazo la kodi halikusafishi huko.

Mwaka wa 2024/25 hauingii kwenye tangazo. Dada yetu anajisajili kwa njia ya kawaida kabla ya tarehe 5 Oktoba 2025, anapata namba yake ya mlipakodi yenye tarakimu kumi, na anatuma ritani yake mtandaoni kabla ya tarehe 31 Januari 2026. Kuanzia Aprili ataweka daftari ndani ya gari: tarehe, hospitali, maili, maegesho.