SOMO: Selfi moja, kepsheni fupi au ndefu? Namna ya kuamua kabla hujaposti

Wakuu, swali hili nimeshalijibu inboksi mara nyingi mno, kwa hiyo nalimaliza hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia linki ya uzi huu. Nazungumzia Instagram, na picha moja ya uso wako mwenyewe. Picha za bidhaa na albamu zina mambo yake.

Hatua ya 1. Chagua picha kwanza, maneno baadaye.

Hatua ya 2. Mwonyeshe mtu mmoja picha hiyo bila neno lolote, halafu nyamaza. Akisema "umependeza" akakurudishia simu, picha imejitosheleza, andika fupi. Akiuliza kitu, "hapo wapi?", "mbona macho mekundu?", "umenyoa lini?", picha imefungua mlango na watu watataka kuingia. Hapo ndefu ina kazi ya kufanya, na kazi yenyewe ni kujibu swali lile lile aliloliuliza mtu wako, si jingine.

Hatua ya 3. Jiulize nani anasoma. Wanaokujua wanamalizia wenyewe, wageni hawawezi.

Hatua ya 4, kama ni fupi. Fikiria jina la kanga. Kanga nyekundu yenye mikorosho haiandikwi "kanga nyekundu yenye mikorosho". Jina linasema ambalo nguo haiwezi kusema. Kwa hiyo selfi ya ufukweni usiiandikie "Niko ufukweni", bahari tunaiona. Na Kiswahili kimetupa zawadi hapa: kitenzi kimoja ni sentensi nzima, chenye mtu na wakati ndani yake. "Nimerudi." "Sikulala." "Wamekubali." Hasa hiyo -me-, inamwambia msomaji kwamba kuna jambo limetokea na matokeo yake yako usoni pako sasa hivi. Methali zilizozoeleka ziache, maana kila mtu anazo na jicho linazipita.

Hatua ya 5, kama ni ndefu: mstari wa kwanza. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma polepole.

Kepsheni ya Instagram inabeba hadi herufi 2,200, lakini mtu anayepitisha kidole anaona takriban 125 za mwanzo tu, nafasi na alama zikihesabiwa. Zilizobaki zinajificha nyuma ya neno *more*. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo hizo ni kama maneno 18 hivi. Mimi niliposti selfi siku ya arobaini ya bibi yangu. Nimevaa vizuri, natabasamu kidogo, maana ndiyo sura aliyokuwa akiipenda. Nikaanza: "Leo ni siku ambayo sitaisahau maishani mwangu, nimeamka nikiwa na mengi moyoni na ningependa kuwashukuru wote..." Neno bibi lilikuja baada ya hapo. Komenti ya kwanza: "Hongera sana!" Ya pili: "Harusi lini?" Kabla sijashika simu tena zilikuwa kumi na moja za pongezi, na mama yangu alikuwa ameshazisoma. Waliopongeza hawakuwa na kosa. Walisoma walichoonyeshwa, na uso wangu ulikuwa unatabasamu.

Basi angalia mambo mawili. Kama habari ni ya msiba, ugonjwa au kuachana, neno lenyewe liwe katika maneno matano ya mwanzo. Na salamu zote zitoe. Mdogo wangu anauza chapati. Alijipiga selfi alfajiri, unga kwenye nyusi, nyuma yake jiko la mkaa na ukuta wa banda. Jirani alipoonyeshwa akauliza, "Kwani ameanza lini?" Kwa hiyo ndefu. Rasimu yake ilianza hivi:

"Habari zenu wapendwa, natumaini hamjambo. Leo nimeona niwashirikishe jambo ambalo limekuwa moyoni mwangu kwa muda mrefu."

Nilihesabu: herufi 120. Dirisha lote limekwisha na unga haujatajwa. Tukafuta, tukaanzia kwenye kitu kinachoonekana pichani:

"Huu unga wa kwenye nyusi ni wa kilo ya kwanza niliyonunua kwa hela yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nakopeshwa dukani, nalipa jioni nikishauza. Siku mvua ikinyesha, deni linalala. Nikaanza kuweka 500 kila siku kwenye kopo la maziwa. Leo muuza duka kafungua daftari, nikamwambia lifunge."

Mstari wa kwanza herufi 73, na umeshasema kitu kizima hata kwa asiyefungua. Inaishia kwenye daftari. Alitaka kuongeza "kwa hiyo msikate tamaa", nikamkatalia, kwa sababu mtu akishaona daftari limefungwa ameshaelewa.

Hatua ya 6. Isome kwa sauti, kisha posti.

---

MASWALI YA WADAU

Kibopa_Tmk: Sasa mkuu kwa kifupi, fupi au ndefu?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Nasra wa Tanga: Shukrani kaka. Nikipata majibu mawili je? Mmoja kaniambia nimependeza, mwingine kauliza nililia nini.

Mwandishi: Swali zuri dada Nasra. Mfuate aliyeuliza, ila jiulize kwanza kama uko tayari kumjibu mbele ya watu wote. Kama hauko tayari, andika fupi isiyogusa macho kabisa, au tumia picha nyingine. Kinachoharibu ni fupi ya kuchokoza, "Mungu anajua", kisha unakasirika watu wakiuliza kulikoni. Umewaita mwenyewe.

Dogo Janja wa Mbeya: Nipe kepsheni kali ya selfi yangu bro

Mwandishi: Picha sijaiona, na hujasema nani anakufuata. Rudi na hayo mawili.

Mama Shamsa: Mwanangu, hiyo ya mdogo wako ingekuwa fupi ingesemaje?

Mwandishi: Shikamoo mama. Ingekuwa "Nimelipa." Na wateja wake wa kila siku, wanaolijua lile daftari, ingewagusa kuliko hadithi nzima. Kwa hiyo aliiweka hiyo kwenye stetasi ya WhatsApp, ambako wateja ndio wenye namba yake. Instagram wengi hawamjui, ndiyo maana kule alihadithia.

Kibopa_Tmk: Ila ndefu watu hawasomi, tuseme ukweli

Mwandishi: Ndefu inayoanza na "Habari zenu wapendwa" hawasomi, na nimeeleza kwa nini. Ukisoma somo lote ndipo tubishane.

Nasra wa Tanga: Nikishakosea mstari wa kwanza nifute posti?

Mwandishi: Hapana, utapoteza komenti. Bonyeza vidoti vitatu, *Edit*, rekebisha maneno. Picha yenyewe huwezi kuibadilisha, maneno unaweza. Mimi ile ya arobaini nilirekebisha, nikamjibu kila aliyepongeza mmoja mmoja.

Fundi Rama: Nyongeza: mimi huandika kwanza kwenye meseji ninayojitumia mwenyewe. Naiona ilivyo kwenye skrini, na simu ikizima haipotei.

Mwandishi: Hii nzuri, Fundi. Na kama hadithi ina mtu mwingine ndani yake, mtumie na yeye meseji hiyo hiyo kabla. Muuza duka alisomewa. Alichoomba ni tuondoe jina la duka, tukaliondoa.