Somo: Kutoka sauti ya daktari hadi noti ya SOAP

Noti ya SOAP hupanga taarifa za mgonjwa katika sehemu nne: S, O, A na P. Kazi yetu ni kuiandika kutokana na sauti aliyorekodi daktari. Mfano huu nimeutunga, ila ndivyo sauti nyingi za kliniki zinavyokuja:

"Mama wa miaka 34, homa siku tatu, mgongo unauma kushoto, joto 38.4, nadhani ni figo, juzi duka la dawa walimpima malaria hakuna, ah, akikojoa inachoma, nimemgonga nyuma chini ya mbavu kushoto akaruka, MRDT yetu hasi, mkojo una naitraiti na lukosaiti, hatapiki, nimwanzishie sipro siku saba, arudi siku ya tatu."

Hatua ya 1. Sikiliza hadi mwisho kabla hujaandika. Kisha uliza kwa kila kipande: hili limejulikanaje? Alilosimulia mgonjwa ni S. Lililoonekana, kuguswa au kupimwa leo ni O. Maoni ya daktari ni A, na kitakachofanyika ni P.

Hatua ya 2. Tenganisha vinavyofanana, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Mgongo umetajwa mara mbili: maumivu anayoyasikia ni S, kuruka alipogongwa ni O. Malaria vilevile: kipimo cha dukani ni simulizi, kwa hiyo S; chetu, yaani MRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ni O.

Hatua ya 3. Andika.

S: Homa siku 3, maumivu ya mgongo kushoto, mkojo unachoma. Hatapiki. Asema alipimwa malaria juzi duka la dawa, hasi.
O: Joto 38.4. Maumivu akigongwa chini ya mbavu kushoto, nyuma. MRDT hasi. Mkojo: naitraiti na lukosaiti zipo.
A: Yadhaniwa maambukizi ya figo, kushoto.
P: Siprofloksasini siku 7, [dozi haikutajwa]. Arudi siku ya 3. [Ujauzito: haikutajwa]

Hatua ya 4. Mabano hayo yarudi kwa daktari kabla hajasaini. Usijaze 500 mg mara mbili kwa siku kwa kuwa ndiyo dozi uliyoizoea. La ujauzito ni zito zaidi: kwa mjamzito dawa hii huepukwa, na maambukizi ya figo kwake kwa kawaida hutibiwa kwa kulazwa. "Yadhaniwa" nayo ibaki, kwa sababu daktari alisema "nadhani".

Maswali

*Mwalimu, daktari akisema "siku tatu, hapana, nne"?*
Andika nne, amejirekebisha. Lakini akisema tatu mwanzoni na nne mwishoni bila kujirekebisha, muulize.

*Presha aliyojipimia mgonjwa nyumbani ni namba, si iende O?*
Iweke S, dada, pamoja na tarehe na mahali alipopimia. Ukiichanganya na ya kliniki, atakayesoma mwezi ujao atadhani tulimpima mara mbili.

*Dokta wetu husikiliza mapafu ya kila mgonjwa. Asiposema, niandike "mapafu safi"?*
Hapana. Mgonjwa huyu akirudi kesho na nimonia, noti yako itasema leo mapafu yalisikilizwa yakawa salama, na hakuna aliyesema hivyo.