Somo: Kuondoa mavi ya kunguru na utomvu wa mwembe kabla havijala rangi ya gari

Anayelaza gari chini ya mwembe hapa Malindi huamka na uchafu wa aina mbili, na kila mmoja una dawa yake. Mavi ya ndege hulainishwa kwa maji. Utomvu maji hauyajali, unataka kitu cha kuuyeyusha. Wengi huchukua kitambaa kimoja na ndoo moja wakasugua vyote pamoja, na hapo ndipo rangi inapoharibika.

Kinacholiwa ni ile klia, ngozi ya juu isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Kwenye gari lililotoka kiwandani unene wake ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani nusu ya karatasi ya daftari. Jua la saa saba likipiga boneti nyeusi, bati linaweza kufika nyuzi 70. Klia ikipata moto hulainika na kutanuka. Mavi yaliyo juu yake hukauka yakawa kigaga kigumu, na jioni klia inapopoa na kurudi, huganda ikifuata umbo la kile kigaga. Asidi iliyomo kwenye mavi nayo inakula taratibu. Kwa hiyo mavi yaliyoanguka usiku hayana haraka mpaka jua lichomoze. Jitahidi yawe yameondoka kabla ya saa nne asubuhi.

Kuondoa mavi

1. Sogeza gari kivulini, ungoje mpaka uweze kuweka kiganja kwenye boneti bila kuungua. Ukiosha bati la moto, sabuni hukaukia papo hapo.

2. Chukua maji ya uvuguvugu na shampuu ya gari kidogo. Lowesha kitambaa laini, ukilaze juu ya doa, ukiache dakika tano hadi kumi. Kikianza kukauka, kimwagie maji tena. Hatua hii ndiyo kazi yenyewe. Ile sehemu nyeupe ya mavi ni asidi ya uriki, ambayo haiyeyuki upesi kwenye maji, hasa ya baridi, na ndani yake mara nyingi mna mbegu na chembe za mchanga. Ukisugua kikavu, chembe hizo ndizo zinazochora klia.

3. Inua kitambaa kwa kukibana na kukivuta juu, usikiburute. Kama kigaga kimebaki, rudia kulowesha kwa kitambaa kingine. Usitumie ukucha wala kisu.

4. Suuza, kisha ukaushe kwa kitambaa cha mikrofaiba.

Kuondoa utomvu

Utomvu wa mwembe ndio uleule unaounguza midomo ya watoto wanaokula embe bichi, na una mafuta ndani yake. Osha kwanza mahali hapo, vumbi litoke. Kisha lowesha pamba kwa spiriti ya duka la dawa, uibane juu ya tone kwa nusu dakika hadi dakika moja, halafu futa taratibu kuelekea upande mmoja. Geuza pamba kila mara, kwa sababu utomvu ulioyeyuka ukiuburuta unakuwa doa pana. Ukimaliza, osha kwa shampuu upesi, spiriti isikae.

Kabla ya yote jaribu spiriti ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Pamba ikitoka na rangi ya gari, usiendelee. Thina na petroli viweke mbali kabisa.

Gundi ya mwarobaini ni rahisi zaidi, kwani hulainika kwa maji ya moto kiasi. Ianze kwa kitambaa cha maji, spiriti iwe ya mwisho.

Gari moja kama mfano

Niliwahi kuletewa Fielder ya buluu iliyokoza kutoka Muyeye. Ilikuwa imesimama chini ya mwembe tangu Ijumaa, ikafika kwangu Jumapili saa tisa alasiri. Boneti ilikuwa na madoa mawili ya kunguru, na paa lilitapakaa matone ya utomvu, mengine ukubwa wa punje ya mtama, mengine kama kunde. Niliiacha kivulini mpaka bati likapoa, ndipo nikaanza na boneti. Doa la kwanza liliinuka baada ya kulowekwa mara moja, na chini yake rangi ilikuwa safi. La pili lilikuwa la siku ya kwanza, lililopigwa na jua la Jumamosi kutwa. Lilitoka baada ya kulowekwa mara tatu, likaacha duara lililofifia.

Hapo ndipo pa kupima. Mulika tochi kutoka ubavuni, kisha pitisha ukucha polepole juu ya alama. Ukucha wangu haukukwama, kwa hiyo klia ilikuwa imeguswa juujuu tu. Nilipaka kombaundi laini ya kumalizia, kiasi cha punje ya hindi, kwenye sponji, nikazungusha kwa mkono bila kukandamiza, nikafuta na kutazama tena. Mng'ao ulirudi, ukabaki mstari mwembamba unaoonekana jua likiwa upande mmoja tu. Nikaacha hapo, maana kila unapopiga kombaundi unapunguza klia, na haiongezeki. Ukucha ungekwama, kombaundi isingesaidia. Hilo ni shimo, na dawa yake ni kupigwa klia upya.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Shela:* Shikamoo fundi. Maji yangu ni ya kisima na yana chumvi. Niyatumie hayo?

Marahaba, mama. Kulowekea yanafaa. Lakini kusuuza kwa mwisho tafuta maji ya bomba au ya mvua, lita tano zinatosha kwa boneti. Tone la maji ya chumvi likikaukia juani linaacha duara jeupe, na ukilizoea linakuwa doa jingine la kupambana nalo. Ukikosa kabisa, kausha papo hapo.

*Dereva wa tuktuk, Barani:* Kaka, nyumbani wanatoa utomvu mikononi kwa mafuta ya nazi. Kwenye rangi yanafanya kazi?

Yanafanya, ndugu yangu, ila polepole. Paka, acha dakika kumi na tano kivulini, futa, kisha osha kwa shampuu mpaka utelezi uishe, la sivyo vumbi litanata. Kwa tone bichi la leo mimi ningeanza na mafuta ya nazi kabla ya spiriti. Lililokauka wiki nzima litakushinda kwa nazi.

*Mwenye Probox, Watamu:* Gari langu ni jeupe, lilipigwa rangi gereji mwezi uliopita. Nimejaribu spiriti, pamba imetoka nyeupe.

Umefanya vyema kusimama, kaka. Rangi hiyo ama haina klia juu yake, ama haijakomaa, na kuna rangi za gereji ambazo spiriti huzilainisha hata zikiwa kavu. Tumia mafuta ya nazi na subira. Muulize aliyelipiga ni rangi gani, na kama ni ile inayochanganywa na hadna. Ikiwa ndiyo, ikikaa miezi miwili au mitatu jaribu spiriti tena kwenye kifuniko cha tangi. Ikiwa siyo, spiriti usiiguse tena.

*Mama wa Shela:* Na nta, fundi? Nikipaka nta nitapumzika?

Utapata muda tu, mama. Nta inakaa katikati ya mavi na klia, kwa hiyo kigaga kinakula nta kwanza na kinatoka kwa kulowekwa mara moja. Kwa joto letu haidumu. Mwagia maji kwenye boneti: yakijikusanya matone, nta ipo. Yakitandaa, paka tena.