Kusoma cheti cha malipo ya muda: thamani ya kazi, ritensheni na tarehe ya kulipwa

Wenzangu mnaoshika vitabu vya wakandarasi hapa Mombasa, leo tufungue cheti kimoja tu, tukisome mpaka tukimalize. Ni cheti namba 4 cha jengo la nyumba za kupangisha kule Bamburi. Tarakimu nimezibadilisha ziwe nyepesi kufuata, lakini mpangilio wake ndio ule ule mnaoupokea kila mwezi.

Kwanza, tenganisha karatasi

Mara nyingi unaletewa bunda zima. Ukurasa wa juu wenye sahihi ya msanifu ndio cheti. Zilizobaki ni hesabu za mkadiriaji majenzi, na hizo ni pendekezo tu. Msanifu anaweza kupunguza kitu kabla ya kutia sahihi, kwa mfano plasta aliyoikataa, na karatasi za nyuma zikabaki kama zilivyokuwa. Unachoingiza vitabuni ni cha ukurasa wa juu. Vikipishana, mpigie mkadiriaji kabla ya kuandika chochote.

Pili, kumbuka kila jumla imeanza siku ya kwanza ya kazi

Hapa ndipo wengi huteleza. Cheti namba 4 hakisemi kazi ya mwezi huu ni kiasi gani. Kinasema kazi yote tangu mwanzo wa mradi imefikia kiasi gani, kisha kinatoa vyeti vilivyotangulia. Ya mwezi huu unaipata mwenyewe, kwa kuweka cheti namba 3 kando yake:

```
                        Cheti 3       Cheti 4       Tofauti
Kazi iliyofanyika    22,000,000    32,000,000    10,000,000
Vifaa vilivyo saiti   2,000,000     1,500,000      -500,000
Jumla                24,000,000    33,500,000     9,500,000
Toa ritensheni        2,400,000     3,000,000       600,000
Baada ya ritensheni  21,600,000    30,500,000     8,900,000
```

Angalia mstari wa vifaa. Umeshuka kwa nusu milioni kwa sababu nondo na saruji zilizokuwa zimelala saiti zimeshaingia ukutani, sasa zinahesabiwa ndani ya kazi. Ukichukua 33,500,000 kama mapato ya mwezi, umerudia kuhesabu miezi mitatu. Ukichukua 10,000,000 ukasahau vifaa, cheti hakitakubaliana nawe.

Tatu, ritensheni ina dari

Mkataba huu wa Bamburi ni wa shilingi 60,000,000. Kiambatisho chake kinasema ritensheni ni asilimia 10 ya thamani iliyoidhinishwa, lakini isipite asilimia 5 ya bei ya mkataba, yaani 3,000,000. Kwenye cheti namba 3 asilimia 10 ilikuwa 2,400,000, dari bado haijaguswa. Kwenye namba 4 asilimia 10 ingekuwa 3,350,000, kwa hiyo inakatwa kwenye 3,000,000. Mwezi huu imeongezeka 600,000 tu.

Aliyezoea kupiga asilimia 10 ya kazi ya mwezi ataandika 950,000. Hapo vitabu vitaonyesha mwenye mradi ameshika 350,000 zaidi ya alizoshika kweli, na deni la cheti litapungua kwa kiasi hicho hicho. Kosa hili halionekani mpaka mwisho wa mradi, unapodai ritensheni ambayo haipo. Mimi huweka bei ya mkataba kwenye B2 na jumla ya thamani kwenye C5, kisha:

```
=MIN(10%*C5, 5%*$B$2)
```

Jibu likitofautiana na cheti, rudi kwenye kiambatisho kwanza. Asilimia hizi hubadilika mkataba hadi mkataba.

Nne, tarehe ni tatu, na kila moja ina kazi yake

Kazi yetu ilipimwa tarehe 28 Machi 2025. Msanifu alitia sahihi tarehe 9 Aprili. Cheti kilifikishwa kwa mwenye mradi tarehe 15 Aprili.

Tarehe ya kupima inakuambia kazi ni ya kipindi gani, basi. Tarehe ya sahihi ndiyo ya kodi. Sheria ya VAT ya Kenya inaitaja siku ya cheti cha msanifu au mkadiriaji miongoni mwa siku zinazoweza kuwa wakati wa mauzo, na inayotangulia ndiyo inayoshika. Basi hapa VAT ni ya Aprili, na ritani yake inatakiwa kufikia tarehe 20 Mei, hata kama hela haijaingia. Tarehe ya kufikishwa ndiyo inayoanzisha siku za malipo: mkataba huu unatoa siku 14 tangu mwenye mradi akabidhiwe cheti, kwa hiyo siku ya mwisho ni 29 Aprili.

Tarehe hii ya tatu haiko kwenye cheti chenyewe. Iko kwenye nakala yako, pale mhuri wa mapokezi ulipogongwa. Niliwahi kupeleka cheti nikaridhika na "tumepokea" ya mdomo. Tulipodai riba ya kucheleweshwa, mwenye mradi alisema alikiona wiki tatu baadaye, nami sikuwa na karatasi ya kumjibu. Riba ya siku zile ikapotea. Siku hizi siondoki dirishani bila mhuri, na wino ukififia juu ya tarehe naomba iandikwe tena kwa kalamu na sahihi pembeni.

Maswali ya wanachama

*Mhasibu wa Changamwe: Cheti namba 3 tulilipwa nusu tu. Mbona namba 4 kimetoa 21,600,000 yote?*

Ni sawa, dada. Kinachotolewa ni kilichoidhinishwa, si kilicholipwa. Nusu iliyobaki ni deni la cheti namba 3, na lina tarehe yake. Usilichanganye na 8,900,000 za namba 4, maana siku za kuchelewa huhesabiwa kwa kila cheti peke yake.

*Kaka wa Kizingo: Tulitoa ankara ya 8,900,000 na VAT 1,424,000, jumla 10,324,000. Benki zimeingia 9,879,000. Wametupunja?*

Hapana. Pungufu ni 445,000. Asilimia 3 ya 8,900,000 ni 267,000, kodi ya zuio kwa kazi za ujenzi. Asilimia 2 ni 178,000, VAT iliyozuiwa kwa kuwa mteja wenu ni wakala aliyeteuliwa na KRA. Tafuta vyeti vyote viwili kwenye iTax kabla ya kufunga deni. Kimoja kisipoonekana, hiyo bado ni hela yenu mkononi mwa mteja.

*Mwanachama wa Likoni: Sisi tuna mitaro ya maji ya mvua chini ya Kitabu Chekundu cha FIDIC cha 1999. Siku ni zile zile 14?*

La. Kule malipo ni ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee dai lenu na vielelezo vyake, na yeye ana siku 28 za kutoa cheti humo humo ndani. Kwa hiyo mhuri mnaouhitaji ni wa ofisi ya mhandisi, siku mnayopeleka dai.

*Dada wa Mtwapa: Jengo limekabidhiwa, na kwenye cheti cha sasa ritensheni imeshuka kutoka 3,000,000 hadi 1,500,000. Niiandike kama mapato?*

Usiiandike. Mapato uliyaingiza siku kazi ilipoidhinishwa. Sasa hamisha 1,500,000 kutoka akaunti ya ritensheni uipeleke kwenye deni la kulipwa sasa, na kwenye ile fomula dari iwe asilimia 2.5. Nusu iliyobaki iandikie tarehe ya mwisho wa kipindi cha kurekebisha kasoro, uisome kwenye kiambatisho cha mkataba wenu.